Chuma Hakimfupishi Mtoto: Hotuba kwa Wazazi, Walimu wa Michezo na Makocha

Ndugu wazazi na walezi, walimu wa michezo, makocha wa timu za mitaani, nanyi vijana mliokaa huko nyuma: hamjambo, na wakubwa wangu shikamooni.

Kuna maneno ambayo karibu kila kijana aliyeshika chuma ameambiwa nyumbani: "Acha hivyo vyuma, utadumaa." Mwenzake anayecheza basketi anaambiwa kinyume chake: "Cheza tu, utarefuka." Msichana anayejifunza jimnastiki anaonywa kwamba atabaki mfupi kama wale anaowaona kwenye televisheni. Leo nataka tuyapime maneno haya kwa makini. Anayeyasema ni mzazi anayemtakia mwanawe mema, na yamejengwa juu ya kitu cha kweli kilichoeleweka vibaya. Kitu hicho kina mahali pake mwilini, basi tuanzie hapo.

Mfupa mrefu, kama wa paja au wa muundi, haurefuki katikati. Unarefuka karibu na ncha zake, kwenye tabaka jembamba la gegedu ambalo nitaliita bamba la ukuaji. Gegedu ni kile kitu cheupe, kigumu lakini kinachotafunika, unachokikuta mwishoni mwa mfupa wa kuku. Ndani ya bamba hilo seli zimepangana kama sarafu zilizorundikwa. Zinagawanyika, zinavimba, kisha zile zilizo upande wa katikati ya mfupa zinageuka kuwa mfupa wenyewe. Kazi yote hiyo inaongozwa na homoni: ile ya ukuaji, ile ya tezi ya shingoni, na wakati wa balehe homoni za jinsia. Balehe kwanza inaharakisha kazi, halafu estrojeni, homoni ya kike ambayo hata wavulana wanayo, inalifunga bamba. Kwa wasichana wengi mabamba ya miguu hufungwa kati ya miaka 13 na 15, kwa wavulana kati ya 15 na 17, na wengine huchelewa zaidi. Likishafungwa, limefungwa. Hakuna kuning'inia kwenye bomba wala kidonge kitakacholifungua.

Naomba mshike jambo moja hapa, kwa sababu ndilo linalofungua fundo lote. Kila bamba linahudumia mfupa wake peke yake. Bamba lililo juu kidogo ya goti, mwishoni mwa mfupa wa paja, huongeza karibu milimita 9 hadi 10 kwa mwaka, na lile la juu ya muundi huongeza karibu 6. Magoti ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya urefu wa miguu yetu. Bamba la kifundo cha mkono linaongeza urefu wa mkono tu. Likiumia, mkono unaweza kupinda au kubaki mfupi kuliko mwenzake, na hilo ni jeraha la kusikitisha, lakini kimo cha mtoto hakipungui hata milimita moja.

Sasa sikilizeni hofu ilikotoka. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa Marekani waliandika ripoti za vijana waliovunjika kwenye bamba la ukuaji wakinyanyua vyuma. Nyingi za ripoti hizo zilihusu kifundo cha mkono, na sababu zilijirudia: kijana amesukuma juu ya kichwa uzito uliomshinda, mkao umeharibika, chuma kimemrudia, na mara nyingi hakukuwa na mwalimu karibu. Ripoti hizo zilikuwa za kweli. Zilipokuwa zikipita mdomo hadi mdomo, "bamba la ukuaji limevunjika mkononi" likageuka kuwa "ukuaji umesimama". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Chanzo kingine ni cha Japani. Mwaka 1964 watafiti Kato na Ishiko walieleza habari za watoto wa maeneo ya mbali waliofanya kazi nzito na waliokuwa wafupi, wakauhusisha ufupi huo na mizigo. Lakini mtoto anayebebeshwa mizigo kutwa nzima katika kijiji maskini mara nyingi pia anakula kidogo, na utafiti ule haukuweza kutenganisha mzigo na njaa. Sisi tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao hawajawahi kuona jimu. Udumavu wao ulianza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya mwanzo, kwa lishe duni na maradhi ya mara kwa mara.

Chanzo cha tatu ni macho yetu wenyewe. Tunawaona wanyanyua uzito wafupi na wacheza basketi warefu, tunadhani mchezo ndio uliowafanya hivyo. Naim Süleymanoğlu, bingwa wa Olimpiki mwaka 1988, 1992 na 1996, alikuwa na kimo cha karibu sentimita 147. Lakini Lasha Talakhadze wa Georgia, aliyeshinda dhahabu mwaka 2016, tena Tokyo na tena Paris mwaka 2024, ana karibu sentimita 197, naye amenyanyua vyuma tangu ujana. Tofauti yao iko kwenye madaraja ya uzito. Katika daraja la chini, mtu mfupi mwenye misuli iliyoshikana ana faida, kwa hiyo ndiye anayebaki kwenye mashindano. Kwenye daraja la juu lisilo na kikomo, mrefu naye ana nafasi yake. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili kwenda ligi ya NBA mwaka 2009, alianza basketi akiwa kijana wa miaka kama 15. Mpira haukumfikisha kwenye kimo kinachozidi mita 2 na sentimita 20. Kimo hicho ndicho kilichofanya makocha wamtazame.

Na kuna jambo dogo ambalo limewadanganya wengi waliojaribu kujipima wenyewe. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vijisahani laini vyenye maji. Mtu akisimama na kutembea, maji hayo hukamuliwa taratibu, na jioni kila mmoja wetu ni mfupi kwa karibu sentimita moja au zaidi kuliko alivyoamka. Ukibeba uzito mabegani, ukamuaji huo unakwenda kasi kidogo. Kijana akijipima asubuhi, akafanya tizi, akajipima jioni, ataona kweli "amefupika". Akilala usiku, vijisahani vinajaa tena na urefu unarudi. Hakuna mfupa uliohusika.

Tuje kwenye ushahidi. Mwaka 2006 Robert Malina, mmoja wa wataalamu wanaojulikana sana katika ukuaji wa vijana wanamichezo, alichapisha mapitio ya tafiti 22 za watoto na vijana waliofanya mazoezi ya uzito chini ya usimamizi. Nguvu ziliongezeka. Urefu haukuathirika. Majeraha yalikuwa machache mno. Tangu hapo msimamo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika miongozo ya mwaka 2008 na 2020, umekuwa kwamba programu iliyopangwa vizuri haidhuru ukuaji wa urefu. Sharti lake msilisahau: usimamizi. Programu nyingi zilizochunguzwa zilidumu wiki kadhaa au miezi, kwa uzito wa wastani. Kwa hiyo ushahidi huu haumpi kijana wa miaka 12 ruhusa ya kushindana nani atanyanyua mzito zaidi siku ya Jumamosi.

Ukilifikiria bamba kama kitu kinachobeba mzigo, matokeo hayo hayashangazi. Mtoto anapokimbia, kila hatua mguu wake unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 40 anatua na kilo 80 hadi 120, hatua baada ya hatua, na hakuna mzazi anayemkataza kukimbia. Akiruka kutoka juu anapokea zaidi ya hapo. Chuma cha kilo 15 mabegani, kinachoshuka polepole na kupanda polepole, ni mzigo mdogo kwa goti lile lile.

Jimnastiki inahitaji neno lake, kwa sababu ndiyo yenye shaka nzito zaidi. Wasichana wa mchezo huu ni wafupi kweli na wengi wanachelewa kuvunja ungo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliomba jopo la wataalamu lipitie ushahidi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Jopo lilikuta kwamba wanajimnastiki walikuwa wafupi kuliko rika lao hata kabla ya mazoezi makali, kwamba wazazi wao nao ni wafupi, na kwamba mazoezi hayaonekani kupunguza urefu wao wa utu uzima. Hata hivyo mkono wa mwanajimnastiki uangaliwe. Anayesimamia mikono mara mamia kwa wiki anaweza kupata msongo kwenye bamba la kifundo. Dalili yake ni maumivu upande wa kidole gumba yanayozidi akikunja kiganja nyuma na kukiegemea. Hapo anapumzishwa kuegemea mikono mpaka maumivu yaishe kabisa. Kufunga bandeji na kuendelea hakutoshi.

Yapo mambo mawili yanayoweza kweli kumrudisha nyuma mtoto mwanamichezo, nayo hayasemwi kwa sauti kubwa kama chuma kinavyosemwa.

La kwanza ni njaa. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unazopata huanza kubana matumizi, na ukuaji na balehe ni miongoni mwa vitu vinavyobanwa kwanza. Hili linawapata wanaotakiwa kuwa wepesi: wana ndondi, wana mieleka, wakimbiaji wa masafa marefu, wanajimnastiki. Kijana wa ndondi anayeambiwa apunguze kilo 4 kwa wiki moja ili aingie daraja la chini, akakaa bila chakula, akavaa nailoni atoke jasho, ndiye aliye hatarini kuliko yule anayebeba chuma na kurudi nyumbani kula ugali, maharage na samaki. Dalili zinaonekana: uzito unashuka au umesimama wakati rika linaongezeka, uchovu usioisha, msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu, au amefika miaka 15 bila kuiona. Chakula kikirudi mapema, ukuaji nao kwa kawaida hurudi.

La pili ni steroidi, zile sindano na vidonge vya kujaza misuli vinavyouzwa kwa siri. Hapa onyo la wazee lina ukweli wote. Nyingi ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, au jamaa zake; sehemu ya testosteroni inayoingizwa mwilini hubadilishwa kuwa estrojeni, na tumesema estrojeni ndiyo inayofunga bamba. Kijana wa miaka 14 anayedungwa anaweza kurefuka haraka kwa muda mfupi, watu wakamsifu, kisha anasimama miaka kadhaa kabla ya wakati wake. Hilo halirekebishiki. Mkimwona kijana amejaa mabega ghafla, chunusi zimemtanda mgongoni na hasira haziishi, muulizeni anatumia nini.

Sasa turudi mitaani, kwenye vyuma tunavyovijua: bomba la maji na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Kopo la lita 4 likijaa zege lina karibu kilo 9 na nusu. Mawili ni 19, ukiongeza bomba unapita 21. Kwa mtoto wa kilo 38 hiyo ni zaidi ya nusu ya uzito wake, siku ya kwanza, na chuma hakipunguziki. Tena makopo hayajai sawasawa, kwa hiyo upande mmoja unavuta, na zege likipasuka linaangukia mguu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliopitia majeruhi wa vyuma waliofika vyumba vya dharura, ulikuta kwamba kwa watoto wa miaka 8 hadi 13 theluthi mbili ya majeraha yalikuwa ya mikono na miguu, mengi kwa sababu ya kuangushiwa au kubanwa vidole. Ndiyo maana tunadai viatu vilivyofunika vidole na mtu mzima anayetazama, kabla hatujadai kitu kingine chochote.

Nitawaonyesha jinsi ya kufanya kwa mfano. Chukueni mvulana wa miaka 13, kilo 38, urefu sentimita 148. Ameanza mazoezi miezi minne iliyopita, na mama amegundua kwamba wenzake wa darasa wamempita. Jirani amesema ni vyuma.

Kwanza tunawaangalia wazazi. Baba ana sentimita 168, mama 156. Kwa mvulana unajumlisha urefu wa wazazi, unaongeza 13, unagawanya kwa 2. Kwa msichana unatoa 13 badala ya kuongeza. Hapa tunapata 168 na nusu, na watoto wengi wa wazazi hawa wataangukia kati ya 160 na 177. Pili tunatafuta kipimo cha zamani. Kadi ya shule ya mwaka jana inasema 143. Amekua sentimita 5 kwa mwaka, ambayo ni kasi ya kawaida kwa mtoto ambaye hajaanza balehe. Tatu tunauliza kama balehe imeanza. Haijaanza. Wenzake wameianza, nao wako kwenye ile kasi ya sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Kwa hiyo wao wamekimbia, yeye hakusimama. Akifika miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, au msichana akifika 13 bila matiti kuanza, hapo anapelekwa kwa daktari.

Mazoezi yake hayakatazwi, yanapangwa upya. Makopo ya zege yanawekwa kando, anapewa galoni ya lita 10 iliyotiwa lita 5 za maji. Maji ni mizani nzuri, kwa sababu lita moja ni kilo moja. Kwa wiki mbili anachuchumaa na kusimama bila mzigo, nyayo zote chini, magoti yakielekea vidole vya miguu, mgongo umenyooka. Kisha anaikumbatia galoni kifuani na kufanya hivyo hivyo. Anaongeza pushapu, akianzia mikono juu ya benchi kama za chini zinamshinda, kuvuta galoni kuelekea kiunoni akiwa ameinama na mgongo umenyooka, na kutembea amebeba galoni mbili mikononi. Anapasha mwili moto dakika 5 hadi 10, anafanya seti moja au mbili za marudio 8 hadi 15, siku mbili au tatu kwa wiki ambazo hazifuatani. Kipimo cha kuacha ni mkao. Mgongo ukianza kupinda au magoti kuingia ndani, seti imekwisha hata kama nguvu bado zipo. Akimaliza 15 safi katika mazoezi mawili mfululizo, anaongezewa asilimia 5 hadi 10. Kwenye galoni yenye lita 5 hiyo ni robo hadi nusu lita, kitu ambacho zege haliwezi. Mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa kisichotulia, presha isiyodhibitiwa au seli mundu aonwe na daktari kabla ya kuanza.

Na akiumia? Kwa mtu mzima goti au kifundo kikipindishwa, kano ndizo huchanika. Kwa mtoto kano mara nyingi ni imara kuliko bamba, kwa hiyo kinachoitwa "kuteguka" kinaweza kuwa bamba lililopasuka. Bonyeza kwa kidole taratibu: kama maumivu yako juu ya mfupa, karibu na kiungo, na kuna uvimbe, au hawezi kukanyaga hatua nne, msimpeleke kuchuliwa. Kuchua na kuvuta kunaweza kusogeza kilichokuwa hakijasogea. Fungeni kiungo kwa ubao au gazeti lililokunjwa, mpelekeni hospitali apigwe eksirei. Picha ya kwanza inaweza kuonekana safi ingawa bamba limeumia, hivyo maumivu ya mfupani yakiendelea, mkono au mguu hufungwa na picha hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Ikithibitika ni bamba, arudi kuangaliwa kwa miezi 6 hadi 12, kwa sababu kupinda hujitokeza taratibu mfupa unavyokua.

Yule mvulana wetu tutampima tena baada ya miezi sita, asubuhi kama mara ya kwanza, bila viatu, visigino na makalio vimegusa ukuta, macho mbele, ubao mdogo umelazwa kichwani ukiwa umenyooka dhidi ya ukuta. Tukikuta ameongeza sentimita 2 au 3, anaendelea na galoni zake. Tukikuta kwamba kwa mwaka mzima hakufikisha sentimita 4, anakwenda hospitali kuangaliwa chakula chake, damu, minyoo, tezi ya shingoni na maradhi ya kudumu. Kumnyang'anya chuma hakutagusa hata kimoja kati ya hivyo.